Daftari lililojaa "umejitahidi": kisa cha mwanafunzi wa hesabu wilayani Rungwe

Kisa hiki kinamhusu binti wa kidato cha pili katika shule moja ya kata wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Katika majaribio manne ya hesabu ya mwaka ule alipata 24, 27, 23 na 26 kwa mia. Kwa madaraja yanayotumiwa na Baraza la Mitihani, D inaanzia alama 30 na chini ya hapo ni F, kwa hiyo alikuwa akikaribia mstari bila kuuvuka, huku upimaji wa kitaifa wa Novemba ukimsubiri. Mtu ambaye angeyaona matokeo hayo peke yake angedhani ni mtoro au mvivu. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mwanafunzi aliyefanya maswali mengi kuliko yeye darasani. Aliwahi maandalizi ya asubuhi hata siku ambazo mvua ya Tukuyu ilikuwa haijakatika tangu usiku, akabaki kwenye masomo ya ziada jioni, na nyumbani akamaliza zoezi zima la kitabu hata pale mwalimu alipoagiza nusu yake tu.

Mwalimu wake wa hesabu, ambaye wanafunzi humwita Madamu, naye hakuwa mzembe. Alikuwa amehudhuria semina iliyozungumzia mtazamo wa ukuaji, yaani imani kwamba uwezo wa mtu wa kujifunza si kitu alichozaliwa nacho kikiwa kimekamilika, bali huweza kuendelezwa. Katika semina hiyo alichukua fundisho moja ambalo lilikuwa rahisi kukumbukwa na rahisi kutekelezwa: usimsifie mtoto kwa akili, msifie kwa juhudi. Tangu hapo daftari la binti huyu likajaa maneno yale yale kwa wino mwekundu: "Umejitahidi", "Juhudi nzuri, endelea", "Usikate tamaa". Ukutani, juu ya ubao, wanafunzi walikuwa wameandika kwa chaki ya rangi "Penye nia pana njia". Mwaka ukafika katikati, nia ikiwapo na njia isionekane.

Niliombwa kulipitia daftari hilo pamoja na mwalimu, na tulikubaliana kwamba kabla ya kusema lolote kuhusu mtazamo wa mtoto tuangalie kwanza makosa yenyewe, swali kwa swali. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo inayorukwa mara nyingi. Alama ya 26 kwa mia inatuambia kwamba mtoto amekosa mengi, lakini haituambii amekosa nini, wala kama makosa yake ni mengi au ni kosa moja linalojirudia.

Tulianza na zoezi la kufungua mabano, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kazi nyingi zaidi. Kwa juu juu zoezi hilo lilionekana zuri, kwani kati ya kila maswali manne alikuwa akipata karibu matatu. Aliandika 2(x + 5) = 2x + 10, ambayo ni sahihi. Aliandika 3(x − 4) = 3x − 12, sahihi. Aliandika −2(x + 3) = −2x − 6, nayo sahihi. Kisha akaandika −2(x − 3) = −2x − 6, na hapo alikosa, kwa sababu jibu ni −2x + 6. Tulipofungua kurasa za nyuma tuliona kwamba kila mahali ambapo namba hasi ilizidishwa kwa namba hasi alikosa, na alikosa kwa namna ile ile bila kubadilika. Mtu anayebahatisha hupata leo na kukosa kesho. Huyu alikuwa akifuata kanuni, na akiifuata kwa uaminifu mkubwa.

Tukamwita, tukampa swali jipya, tukamwomba alitatue huku akitueleza kila hatua kwa Kiswahili. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na shule ile ina kanuni ya kuongea Kiingereza ndani ya eneo lake, huenda hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kueleza hesabu yake kwa sauti kwa mtu mzima. Alipofika kwenye alama mbili za kutoa alisema bila kusita, "Hapa hasi na hasi inakuwa hasi." Madamu akamuuliza kwa upole, "Kwa nini, mwanangu?" Akajibu, "Madamu, hasi ni deni. Nikiwa na deni la tatu, nikakopa tena tano, nadaiwa nane. Haiwezi kugeuka kuwa hela yangu."

Jibu hilo si la kipuuzi hata kidogo. Katika kujumlisha ni sahihi kabisa: −3 na −5 zikijumlishwa ni −8, na mfano wa deni ndio unaotumiwa kulifundisha jambo hilo. Alichofanya ni kuichukua kanuni ya kujumlisha na kuihamishia kwenye kuzidisha, ambako haifanyi kazi. Ubaya wake ni kwamba katika kufungua mabano kanuni hiyo ya uongo hutoa jibu sahihi katika aina tatu za maswali kati ya nne. Kwa hiyo kila usiku alipofanya maswali ishirini, kanuni yake ilithibitishwa kama mara kumi na tano, na yale matano yaliyobaki aliyahesabu kuwa ni bahati mbaya au haraka ya mkono. Kazi nyingi namna hiyo haiwezi kumwondoa mtu kwenye kosa. Inalizoesha kosa hadi linakuwa la kawaida, na mwalimu anapoandika "juhudi nzuri, endelea" chini yake, mtoto ana kila sababu ya kuendelea na kile kile.

Swali linalofuata ni kwa nini kosa moja la alama lilimshusha kiasi hicho kwenye mitihani wakati kwenye mazoezi alikuwa akipata. Ni kwamba katika mtihani mabano hayaulizwi peke yake, yamo katikati ya kazi nyingine. Alipopewa 5 − 2(x − 3) = 1, aliandika 5 − 2x − 6 = 1, kisha −1 − 2x = 1, kisha −2x = 2, na mwisho x = −1. Hatua zote baada ya ile ya kwanza zilikuwa sawasawa, lakini jibu ni x = 5. Alama moja iliyogeuka mwanzoni ilikula swali zima, na swali la namna hiyo lilijitokeza kwenye milinganyo, kwenye kupanga upya fomula, na hata kwenye maswali ya maneno.

Hapa ndipo inapobidi kurudi kwenye fundisho la semina na kuliangalia lilikotoka. Mtazamo wa ukuaji unahusishwa zaidi na Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kauli ya "sifia juhudi, usisifie akili" inatokana kwa sehemu kubwa na majaribio aliyoyachapisha pamoja na Claudia Mueller mwaka 1998. Watoto wa shule ya msingi walipewa mafumbo ya maumbo, wakaambiwa kwamba wamefanya vizuri sana, kisha baadhi wakasifiwa kwa akili na wengine kwa juhudi. Baadaye walipewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na mwishoni mengine ya ugumu ule wa kwanza. Waliosifiwa kwa akili walishuka baada ya kushindwa na wakapendelea kazi nyepesi, ilhali waliosifiwa kwa juhudi walistahimili zaidi.

Zingatia sifa ile ilitolewa wakati gani. Ilitolewa baada ya kufaulu, ikaeleza chanzo cha kufaulu huko. Mtoto alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba amepata alama nyingi, na juhudi ikatajwa kuwa sababu. Binti wa Rungwe alikuwa akiambiwa "umejitahidi" chini ya kazi iliyokosewa, bila kuelezwa kilichokosewa. Kutoka kwenye jaribio lile huwezi kupata ushahidi kwamba sifa ya namna hii humfanya mtu ajue asichokijua, kwa sababu jaribio halikuuliza hilo. Dweck mwenyewe aliliona tatizo hili, na mwaka 2015 aliandika kwamba watu wengi wameufanya mtazamo wa ukuaji kuwa ni juhudi tu. Alieleza kwamba juhudi ni njia ya kufikia kujifunza, na kwamba mwanafunzi aliyekwama anahitaji kujaribu mbinu nyingine na kutafuta msaada. Alitahadharisha pia dhidi ya kutumia sifa ya juhudi kama kifuta machozi kwa mtoto asiyejifunza. Sehemu hiyo ya pili haikusafiri pamoja na kauli ya kwanza. Semina za siku moja zina desturi ya kubeba kinachoingia kwenye bango na kuacha kisichoingia.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu hakulitarajia. Tulipomuuliza binti maneno yale ya wino mwekundu aliyaelewaje, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wale wanaopata sabini huwa hawaandikiwi "umejitahidi", huandikiwa tiki na alama tu. Alikuwa amefanya hesabu ambayo watafiti waliwahi kuifanya kabla yake. Katika miaka ya 1970 Wulf-Uwe Meyer na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba watu wakubwa, tofauti na watoto wadogo, wakimwona mmoja anasifiwa kwa kazi nyepesi na mwingine hasifiwi kwa kazi ile ile, hudhani aliyesifiwa ndiye mwenye uwezo mdogo. Kijana wa miaka kumi na minne amekwisha kuufikia umri wa kusoma sifa namna hiyo. Kwa hiyo maneno yaliyokusudiwa kumwambia kwamba uwezo wake unaweza kukua yalikuwa yakimwambia, kwa mlango wa nyuma, kwamba mwalimu hatarajii zaidi ya hapo.

Hata nje ya suala la sifa, maoni ya mwalimu si dawa isiyo na madhara. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa na Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 ulionyesha kwamba kwa wastani maoni husaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyakusanya yalionyesha utendaji ukishuka baada ya maoni. Walipendekeza kwamba nguvu ya maoni hupungua kadiri yanavyoivuta akili ya mtu itoke kwenye kazi na kuhamia kwenye nafsi yake. "Umejitahidi" ni kauli kuhusu mtu. "Mstari wa pili, alama ya 6" ni kauli kuhusu kazi.

Sasa nieleze tulichofanya, kwa kuwa si kazi kubwa na haikuhitaji fedha. Tulianza kwa kumpa binti mfano ambao ungepambana na mfano wake wa deni, maana kanuni iliyojengwa juu ya maana haiondoki kwa kuamriwa tu. Tulimwambia achukue elfu ishirini aende sokoni Tukuyu kununua mikungu miwili ya ndizi, kila mmoja elfu saba, na muuzaji akubali kupunguza elfu tatu kwa kila mkungu. Atabaki na shilingi ngapi? Alifanya kichwani: kila mkungu elfu nne, miwili elfu nane, inabaki elfu kumi na mbili. Kisha tukamwomba aandike jambo hilo kama 20 − 2(7 − 3) na afungue mabano kwa kanuni yake. Akapata 20 − 14 − 6, yaani sifuri. Alikodolea daftari kwa muda. "Madamu, hela imeenda wapi?" Akafuata mwenyewe njia ya pili: ukilipa bei kamili unatoa elfu kumi na nne, na muuzaji anakurudishia elfu tatu mara mbili, kwa hiyo ile sita inarudi mfukoni. 20 − 14 + 6 = 12. Kutoa punguzo ni kurudishiwa. Kanuni ya hasi mara hasi hakuambiwa. Alilazimika kuifikia mwenyewe.

Hatua ya pili ndiyo ninayoiona kuwa ya thamani zaidi, nayo ni kumpa njia ya kujikagua bila mwalimu. Kila anapopata jibu la mlinganyo alirudishe kwenye swali. Kwa lile la 5 − 2(x − 3) = 1, akiweka x = −1 ndani ya mabano anapata −4, na hapo hata akitumia kanuni yake ya zamani hapati 1, anapata −3. Hilo ni muhimu: ukaguzi unalifichua kosa hata kwa mtu ambaye bado analiamini kosa lenyewe. Akiweka 5, mabano yanakuwa 2, mara 2 ni 4, na 5 kutoa 4 ni 1. Mwanafunzi mwenye silaha hii akifanya maswali ishirini usiku, maswali yenyewe yanamjibu. Juhudi yake ile ile, ambayo haikuhitaji kuongezwa hata chembe, sasa ilikuwa na kitu cha kuishika.

Hatua ya tatu ilihusu masahihisho. Awali alikuwa akinakili jibu sahihi kutoka ubaoni, na mwalimu akipita anatia tiki. Sasa alitakiwa kuzungushia duara mstari ambapo kosa lilianzia na kuandika sentensi moja kueleza alichofikiri pale. Mwalimu naye aliacha kuandika sifa chini ya ukurasa na badala yake akawa anaandika swali moja kando ya mstari husika. Maswali ya aina ile ya nne yalirudishwa kwake baada ya wiki moja na tena baada ya wiki kadhaa, yakiwa yamechanganywa na mengine, kwa sababu kanuni ya zamani hupenda kurudi mtu akichoka.

Mwalimu mwenye wanafunzi sabini darasani atauliza, na ana haki, kwamba muda huo autoe wapi. Madamu aliuliza hivyo hivyo. Jibu tulilolipata ni kutoa swali moja lililochaguliwa vizuri badala ya zoezi refu. Aliandika −2(x − 3) ubaoni, kila mtu akajibu kwenye kipande cha karatasi, na akakusanya. Hakuzisahihisha karatasi hizo, alizipanga mafungu. Waliopata −2x + 6 fungu lao. Walioandika −2x − 6 walikuwa na tatizo la binti yetu. Walioandika −2x − 3 walikuwa wamezidisha kilicho mwanzo wa mabano na kuacha cha pili, tatizo tofauti linalohitaji maelezo tofauti. Kazi hiyo huchukua muda wa mapumziko ya chai. Fungu la −2x − 6 lilikuwa nene kuliko alivyotarajia, na wote walikuwa wameandikiwa "umejitahidi" kwa wiki nyingi.

Katika jaribio lililofuata binti alipata 38, na katika lile la baada yake 41. Hiyo ni D, si muujiza, na sitaki kisa hiki kisomwe kama hadithi ya mtoto aliyefeli akawa wa kwanza. Maswali yote yenye mabano aliyapata isipokuwa moja. Sehemu kubwa ya alama zilizobaki ilipotelea kwenye sehemu za namba na kwenye maswali ya maneno, ambako Kiingereza chenyewe kilimzuia kabla hesabu haijaanza. Wala siwezi kusema ni kipi hasa kati ya hatua zile tatu kilichofanya kazi, maana zilikwenda pamoja.

Kisa hiki pia hakithibitishi kwamba mtazamo wa ukuaji ni upuuzi. Utafiti mkubwa ulioongozwa na David Yeager na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusu wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani, ulionyesha kwamba somo fupi la mtandaoni, chini ya saa moja, liliinua wastani wa wanafunzi wenye alama za chini kwa pointi 0.10 katika mfumo ambao kilele chake ni kama 4. Ni kidogo, lakini ni kweli, na kilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenzao walithamini kujaribu kazi ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Victoria Sisk na wenzake mwaka 2018 nao ulikuta athari kwa ujumla ni ndogo. Anayeutarajia mtazamo peke yake umtoe mtoto kwenye F anaupa mzigo ambao hata watafiti wake hawajawahi kuupima ukabebeka. Mtazamo ulimsaidia binti huyu kwa namna moja ninayoiona wazi: alikuwa tayari kukaa na daftari lililomshinda. Kilichokosekana ni mtu wa kuliangalia daftari hilo pamoja naye.

Ipo tafsiri potofu nyingine ambayo niliisikia kwenye chumba cha walimu, nayo naiona mbaya kuliko ile ya kwanza. Mwalimu mmoja alisema, "Huyo tumemtia moyo mwaka mzima, tatizo lake ni mtazamo." Hapo mtazamo wa ukuaji umegeuzwa kuwa jina jipya la lawama ile ile ya zamani. Zamani mtoto aliambiwa hana akili, sasa anaambiwa hana mtazamo, na katika hali zote mbili hakuna anayefungua ukurasa wa mabano. Ninatilia shaka pia desturi mpya inayoanza kuingia ya kusifia "mbinu" badala ya juhudi. "Umetumia mbinu nzuri", ikiandikwa chini ya kazi bila kutaja mbinu gani na katika mstari upi, ina upungufu ule ule.

Nilipopita shuleni hapo tena, Madamu alikuwa amehamia kwenye sehemu za namba. Binti alikuwa ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, akijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na tayari alikuwa amefanya maswali kumi ya namna hiyo. Kando ya la kwanza palikuwa na swali la wino mwekundu: "2/5 na 1/2, ipi kubwa?" Alikuwa ameanza kuchora mistari miwili ya urefu sawa ili ailinganishe.